Shawa ya umeme ikitoa maji baridi: kagua haya kabla ya kununua nyingine

Shawa ya umeme ni ile ndogo inayofungwa mwishoni mwa bomba la bafuni na kupasha maji papo hapo yanapopita. Imeenea katika nyumba za kupanga za Kitengela, Ongata Rongai, Ngong na miji mingine ya Kaunti ya Kajiado, kwa kuwa haihitaji tangi la maji moto. Inapoanza kutoa maji baridi, wengi huenda dukani moja kwa moja kununua nyingine. Kuna wanaofunga shawa mpya na kukuta maji yangali baridi, kwa sababu hitilafu haikuwa ndani ya shawa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua hitilafu iko wapi. Kuna sehemu nne za kuangalia: umeme unaoingia, swichi inayobonyezwa na maji, kikatishi cha joto, na elementi yenyewe. Baadhi ya ukaguzi mkazi anaweza kuufanya mwenyewe bila kufungua chochote. Uliobaki ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni.

Kabla ya yote, mkazi ajue jambo moja. Maji baridi hayamaanishi kwamba shawa haina umeme. Kuna hitilafu ambazo joto hupotea huku umeme ukiwa umejaa kwenye shawa. Kwa hiyo, shawa ikikataa kupasha maji, usiiguse wala kuigongagonga ukiwa umesimama chini yake.

Umeme hupita wapi

Umeme wa shawa hutoka kwenye breka yake katika boksi la fyuzi, ukapita kwenye swichi kubwa iliyo nje ya bafu, ambayo aghalabu ina taa ndogo nyekundu, kisha ukaingia katika shawa. Ndani ya shawa hukutana na swichi inayobonyezwa na maji, na katika aina nyingi hupita pia kwenye kikatishi cha joto. Mwisho hufika kwenye elementi, yaani waya uliosokotwa unaopata moto ndani ya maji, kisha hurudi kwa waya wa pili hadi kwenye boksi.

Hii ni kama foleni ya watu walioshikana mikono. Mmoja akiachia, foleni nzima imekatika. Ndiyo sababu hitilafu nne tofauti huleta matokeo yale yale, maji baridi, na mtu anayetazama maji peke yake hawezi kujua aliyeachia ni nani.

Anza na umeme, kwa kutumia macho

Washa swichi ya shawa na uangalie taa yake. Isipowaka, angalia breka ya shawa kwenye boksi la fyuzi. Ikiwa imeshuka, unaweza kuipandisha mara moja tu. Ikishuka tena, iache hapo na umwite fundi, kwa sababu breka haishuki bila sababu.

Taa ikiwaka, umeme umefika kwenye swichi. Haijathibitika kwamba umefika kwenye shawa, wala kwamba shawa inautumia. Kulijua hilo, tumia mita ya tokeni. Kwenye mita yenyewe, ile iliyo ukutani au juu ya nguzo, kuna taa ndogo inayometameta kulingana na umeme unaotumika. Kando yake huwa kumeandikwa idadi ya mimeto kwa kila uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh.

Zima pasi, birika na jiko la umeme. Mtu mmoja afungulie maji ya shawa bila kuingia chini yake, mwingine aangalie mita. Shawa ya kilowati 5.5 ikiwa inafanya kazi, mita ya mimeto 1000 itameta mara tatu hivi katika kila sekunde mbili. Tofauti na mmeto wa taratibu wa taa na televisheni huonekana mara moja.

Mita ikianza kukimbia lakini maji hayana moto wa kutosha, shawa inapasha. Tatizo huenda ni maji mengi kupita kiasi au nguvu ya umeme kushuka. Maji ya nyuzi 20 yakipita kwa lita 4 kwa dakika katika shawa ya kilowati 5.5, hutoka yakiwa na nyuzi 40 hivi, na hayo ni maji mazuri ya kuoga. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, kama inavyotokea jioni katika baadhi ya mitaa, shawa hiyo hiyo hubaki na kilowati 3.8 hivi, na maji hutoka na nyuzi 34. Hayo ni vuguvugu, si baridi kabisa. Punguza maji kidogo kwenye koki na joto litapanda.

Lakini mita ikibaki taratibu huku maji yakimwagika, foleni imekatika mahali fulani. Endelea na ukaguzi unaofuata.

Swichi inayobonyezwa na maji

Shawa haina mtu wa kuiwasha unapofungua bomba. Maji yenyewe ndiyo huiwasha. Ndani yake kuna utando wa mpira. Maji yakijaa huusukuma utando huo, nao hubonyeza vipande viwili vya chuma hadi vigusane, umeme ukapita. Bomba likifungwa, springi hurudisha utando nyuma na umeme hukatika. Ukisikiliza vizuri, shawa nzima hutoa mlio mdogo wa "tik" na mvumo hafifu mara maji yanapoanza kutoka.

Kama husikii mlio huo na mita haikimbii, shaka ya kwanza ni kwamba maji hayana nguvu ya kusukuma utando. Pima kwa jagi la lita moja na saa ya simu. Jagi likijaa kwa sekunde 15 hadi 20, maji yanatosha kwa shawa nyingi. Likichukua sekunde 35 au zaidi, huenda shawa ni nzima na maji ndiyo dhaifu.

Udhaifu wa maji una vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni urefu wa tangi. Kila mita moja ya kwenda juu huongeza nguvu ya maji, na kila shawa huja na karatasi inayoeleza urefu wa chini kabisa kati ya tangi na shawa. Katika ghorofa, mpangaji wa juu kabisa ndiye aliye karibu zaidi na tangi, kwa hiyo ndiye mwenye maji dhaifu zaidi. Wa chini huoga maji moto bila shida huku wa juu akilalamika, na shawa zote ni za aina moja.

Cha pili ni uchafu. Pale bomba linapoungana na shawa, shawa nyingi huwa na kichujio kidogo. Mchanga, kutu na vipande vya ukoko mweupe wa chumvi hukusanyika hapo. Maji ya visima katika sehemu nyingi za kaunti yetu yana chumvi na madini, na ukoko huo ni ule ule unaouona ndani ya birika.

Kuna uchafu mwingine unaofanya kinyume, nao huwachanganya wengi. Sahani yenye matundu, pale maji yanapotokea, ikiziba, maji hubanwa ndani ya shawa. Utando husukumwa vizuri, umeme unapita, lakini maji yanayopita ni machache. Hapo shawa hupata moto kupita kiasi. Kichujio cha kuingilia kikiziba unapata baridi. Sahani ya kutokea ikiziba unapata moto mkali kwanza, halafu baridi, kwa sababu inayofuata kuumia ni kikatishi cha joto au elementi.

Sahani hiyo mkazi anaweza kuisafisha. Zima swichi ya shawa, kisha zima na breka. Fungua sahani kwa mkono, iloweke katika siki usiku mmoja, isugue kwa mswaki wa zamani na uirudishe. Kabla ya kuwasha umeme, acha maji yatoke kwa muda hadi yamwagike bila kutematema hewa. Elementi ikiwashwa bila maji ya kutosha kuizunguka huungua kwa sekunde chache. Fanya vivyo hivyo maji yanaporudi baada ya mgao, wakati mabomba yamejaa hewa.

Kikatishi cha joto

Hiki ni kifaa kidogo chenye kisahani cha metali mbili zilizobandikwa pamoja. Metali hizo hazitanuki sawasawa, kwa hiyo joto likizidi kisahani hupinda na kukata umeme. Si shawa zote zilizo nacho. Hupatikana zaidi katika zile zenye boksi la ukutani.

Dalili yake ni rahisi kutambua. Maji huanza moto, hukaa hivyo dakika mbili tatu, kisha hugeuka baridi ghafla. Ukiacha shawa ipoe, moto hurudi, halafu mchezo unarudiwa. Hicho ni kikatishi kinachofanya kazi yake. Kuna aina nyingine ambayo ikikata mara moja hairudi hadi fundi aibonyeze au aweke mpya.

Hapa ndipo uamuzi mbaya hufanywa. Fundi asiye mwangalifu hukata kikatishi hicho na kuunganisha waya zake mbili moja kwa moja. Maji moto hurudi papo hapo, mteja hufurahi na kulipa. Lakini kilichosababisha joto kuzidi bado kipo, na sasa hakuna cha kulizuia. Mwogaji anaweza kuunguzwa ngozi, plastiki ya shawa inaweza kuyeyuka, na elementi inaweza kukatika ndani ya maji. Ukisikia fundi akisema "tutairuka hii", mwambie asimame hapo hapo. Swali la kumuuliza ni kwa nini ilikata. Mara nyingi jibu ni sahani iliyoziba au maji dhaifu.

Elementi

Maji yakiwa na nguvu, taa ya swichi ikiwaka, "tik" ikisikika, na bado mita haikimbii, elementi yenyewe hushukiwa. Katika shawa yenye joto la aina mbili au tatu, jaribu zote. Elementi ya namna hiyo huwa na vipande, na moja ikikatika nyingine inaweza kubaki. Joto la chini likifanya kazi na la juu likikataa, au kinyume chake, umeme unafika na hitilafu iko kwenye kipande kimoja cha elementi au kwenye kiteuzi cha joto.

Uthibitisho ni kazi ya fundi. Huzima breka, huhakikisha kwa kifaa kwamba hakuna umeme, kisha hupima elementi kwa maltimita. Elementi nzima ya kilowati 5.5 kwa volti 240 husoma karibu omu 10.5. Iliyokatika haisomi chochote. Kipimo hicho huchukua dakika moja, na mkazi ana haki ya kuonyeshwa kabla ya kuambiwa anunue kipya. Elementi za shawa nyingi huuzwa peke yake kwa bei ya chini kuliko shawa nzima.

Unaponunua, hakikisha ni ya maji yako. Elementi ya maji ya kawaida huwa ni waya mtupu unaoguswa na maji. Ile ya maji ya chumvi huvikwa ganda. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, kwa hiyo waya mtupu katika maji ya kisima huliwa haraka, na umeme unaovuja unaweza kumfikia mwogaji. Soma maandishi kwenye katoni. Kwa nyumba inayotumia maji ya kisima, nunua ya maji ya chumvi.

Mfano: ghorofa ya tatu, maji ya kisima

Tuchukue nyumba ya kupanga mjini Kitengela, ghorofa ya tatu, juu kabisa. Shawa ya kilowati 5.5 imekuwa ikipasha vizuri kwa miezi kadhaa. Wiki hii inatoa maji baridi, huku jirani wa ghorofa ya kwanza akioga moto. Kwa kuwa jirani ana umeme na maji, mpangaji anaambiwa shawa yake imeungua.

Anawasha swichi, taa inawaka. Anafungua maji, haisikiki "tik", na mita inameta taratibu. Jagi la lita moja linajaa kwa sekunde 40, sawa na lita moja na nusu kwa dakika. Hadi hapo hajatumia hata shilingi, naye anajua shaka kubwa ni maji, si elementi.

Keateka anazima breka, anafunga maji na kufungua muungano wa bomba. Kichujio kimejaa mchanga na chembe nyeupe. Baada ya kuoshwa, jagi linajaa kwa sekunde 17. Maji yanaachwa yatoke kwanza, ndipo umeme unawashwa. "Tik" inasikika, mita inakimbia, na maji yanapata moto.

Baada ya majuma matatu shida nyingine inaanza. Maji yanatoka moto sana, kisha baridi, kisha moto. Jagi sasa linachukua sekunde 28. Kichujio ni safi, lakini nusu ya matundu ya sahani yamezibwa na ukoko. Sahani inalowekwa katika siki na shawa inatulia. Kama kikatishi kingekuwa kimerukwa, joto lile la ziada lingeishia kwenye elementi au kwenye mgongo wa mwogaji. Katika nyumba hii, kinachohitajika ni kusafisha sahani na kichujio kila baada ya wiki chache, si shawa mpya.

Waya na hatari iliyofichika

Shawa ya kilowati 5.5 huvuta ampea 23. Huo ni mzigo mkubwa kuliko wa kifaa kingine chochote katika nyumba nyingi, na ndio sababu inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi, wenye unene wa milimita 4 au 6 za mraba, na breka yake yenyewe, kwa kawaida ya ampea 32. Haifai kuunganishwa na waya wa taa wala kuchomekwa kwenye soketi ya ampea 13.

Waya ukiwa mwembamba au skrubu ikilegea, kiungo hupata moto. Dalili zake ni harufu ya plastiki inayoungua, swichi yenye joto ukiigusa, au alama ya kahawia pembeni mwake. Kiungo hicho kikiungua hadi kukatika, maji hugeuka baridi. Ukiona dalili hizo, zima breka na usiiwashe tena hadi fundi aje.

Sasa fikiria waya uliokatika ni ule wa kurudi. Umeme unaingia kwenye shawa, unapita kwenye swichi, unafika kwenye elementi, lakini hauna njia ya kurudi. Elementi haipati moto, maji ni baridi, mita haikimbii. Hata hivyo elementi nzima ina umeme, na iko ndani ya maji. Hali kama hiyo hutokea pia pale breka au swichi ilipofungwa kwenye waya usiofaa. Mwogaji anayehisi mchomo mdogo anapogusa koki au maji asidhani ni jambo la kawaida. Atoke, azime breka, na mtu yeyote asiitumie shawa hiyo.

Kinachomlinda mtu hapo ni vitu viwili: waya wa ardhi uliounganishwa kweli kweli hadi kwenye shawa, na breka ya kugundua uvujaji, ya miliampea 30, inayokata umeme mara unapoanza kupotelea ardhini. Waya wa ardhi wa shawa huwa na rangi ya kijani na njano. Ukiuona umekunjwa na kuachwa bila kuunganishwa, kazi hiyo haijakamilika.

Fundi wa kumwita

Kazi ya nyaya nyumbani inapaswa kufanywa na fundi aliyepewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni kabla ya kufungua boksi. Mpe matokeo uliyopata: taa inawaka au la, jagi linajaa kwa sekunde ngapi, "tik" inasikika au la, na mita inakimbia au la. Kwa majibu hayo manne atajua aanzie wapi.

Akimaliza, muulize maswali matatu. Elementi ilisoma omu ngapi? Kikatishi cha joto kipo na kinafanya kazi? Waya wa ardhi umepimwa? Wapangaji waliogundua waya mwembamba au kukosekana kwa waya wa ardhi wamjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, wahifadhi nakala, na waoge maji ya birika hadi marekebisho yafanyike.